Dashibodi ya Maziwa ya Mugeta

Tangazo la kazi lilitaka mchambuzi wa data anayejua SQL, ile lugha ya kuchambulia hifadhidata, mwenye dashibodi ya kuonyesha, yaani ukurasa wa chati mtandaoni, na mwisho wa kutuma maombi ulikuwa jioni ileile. Pale steshenari ya Mukendo, dada yangu akafuta "mchapakazi" kwenye CV yangu. "Andika ulichofanya, bwana!" Nikaandika kwamba niliunganisha majedwali ya wafugaji na maziwa ya Mugeta, dashibodi ikaonyesha kila wiki vijiji ambavyo maziwa yameshuka. Kila sharti likapata jibu. Nikabofya kiungo cha dashibodi: mradi wa maziwa ulishafungwa, akaunti imefutwa. Nikamkumbuka bosi wetu wa mradi kule Bunda, alikuwaga haamini skrini, anataka nimchapie chati kwenye karatasi tu. Nikampigia, angalau anitumie picha ya zile karatasi. "Zile? Mama watoto aliwashia jiko." Nikabofya "tuma" bila kiungo. Fomu ikagoma: sehemu hii ni lazima.