Kartushi Tatu Tupu

Jambo lote lilinigharimu faranga elfu ishirini, nimehesabu mara mbili, bila wino. Elfu thelathini nyingine ziko mfukoni mwangu, na hizo sijui niziweke upande gani wa hesabu.

Mimi na Yaya, dada yangu mkubwa, tuna kibanda cha kuchapa hapa Kamina, si mbali na stesheni. Printa ni yake. Bei ni kazi yangu. Wino tunanunua wa bandia, kartushi zinazokuja kwa treni kutoka Lubumbashi, kwa sababu kartushi moja ya kampuni ya printa ingemeza faida ya wiki nzima. Yaya alikuwa na sheria moja tu: printa ifungwe kwa waya kwenye kompyuta, isionjeshwe intaneti.

Kartushi tatu za kwanza, zilizokuja na printa, aliziweka kwenye boksi zilipokwisha. Nilimcheka kwamba anahifadhi takataka. Alipokwenda Luena kwenye ubatizo, nikamuuzia mjazaji wino wa sokoni zote tatu, elfu mbili kila moja. Nilimpandisha kutoka elfu moja, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Siku hizo hizo mwalimu mmoja kijana alitaka kuchapa moja kwa moja kutoka kwenye simu yake. Nikawasha intaneti ya simu yangu, nikaiunganisha na printa. Alipoondoka, kioo cha printa kikaleta ujumbe: programu yake ya ndani ina toleo jipya, mise à jour, litaongeza usalama, bure. Chini yake maandishi yalikuwa marefu. Nilisoma mistari miwili. Mtu anayebishania bei ya chumvi hawezi kupita neno bure bila kusimama. Nikabonyeza kukubali. Printa ikajizima, ikajiwasha, ikakaa kimya kama iliyopata akili, na siku ile hapakuwa na kazi nyingine.

Kesho yake Yaya alikuwa amerudi. Asubuhi akaja mama aliyefiwa na mume wake, mwalimu wa zamani. Alitaka programu mia za mazishi, picha ya marehemu mbele, nyimbo ndani kwa mpangilio alioutaka mwenyewe marehemu. Mwili ungetoka kanisani saa nane. Alilipa yote mbele, elfu thelathini, hakuuliza bei, nami sikumpunguzia. Nilipotuma kurasa, printa iliandika kwamba kartushi si za asili na zimezuiwa.

Yaya alizitoa, akazifuta, akazirudisha. Akanitazama.

“Uliionyesha intaneti?”

“Mara moja tu, Yaya. Iliomba mise à jour. Ilisema ni ya usalama.”

“Usalama ya nani? Miye nilinunua hii mashini, sikuikodi. Sasa njo watu wa kampuni wanaingia ndani na kuniambia wino gani niinyweshe?”

Alitafuta kwenye simu kama tunaweza kuirudishia printa programu yake ya zamani. Kwa printa yetu hakuna njia. Ila akasoma kwamba kartushi ya kampuni iliyojazwa tena inapita, kwa sababu printa inakagua chipu ya kwenye kartushi, si wino. Akainuka kwenda kwenye boksi. Sikuweza kumwacha alifungue. Nikamwambia nimeziuza. Hakunitukana, na hilo ndilo lililonichoma.

Nilikimbia sokoni. Mjazaji wino alikuwa amebakiza zote tatu, na alisoma haraka yangu usoni kabla sijasalimia.

“Elfu ishirini, patron. Na wino utalipa mbali.”

“Nilikuuzia elfu sita.”

“Siku ile haukuwa na haraka.”

Sikubishana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukubali bei ya sokoni ilivyotajwa. Akizijaza kwa sindano, taratibu mno kwa moyo wangu, aliniambia kwamba mise à jour zingine zinatengeneza kasoro kweli, lakini mtu husoma kwanza zinachobadilisha, na hazikubali siku ana kazi ya watu. Nilimshukuru kana kwamba hilo nalo lilikuwa kwenye bei.

Printa ikakubali, ikinung'unika tu kwamba haijui kiasi cha wino. Lakini nilipofika kanisani na programu mia, watu walikuwa tayari makaburini. Nikawafuata. Nyimbo zilikuwa zimetangazwa kwa mdomo, na ule wa mwisho, aliouomba marehemu, haukukumbukwa na mtu.

Mama yule alizipokea kwa mikono miwili.

“Aksanti, mwanangu. Umesumbuka sana.”

Nilisema umeme ulikatika. Sisi tunatumia sola, na jua lilikuwa kali juu yetu sote.

Yaya sasa amezima intaneti ya printa na kuifuta kabisa simu yangu kwenye orodha yake. Elfu ishirini hajaniuliza. Kuhusu zile thelathini alisema tu, “Hizo haziko zetu.” Mara mbili nimefika hadi kwenye ua wa yule mama, na mara mbili alinipa kiti na maji, nikanywa, nikaondoka nazo. Wewe unayesoma, kama umewahi kurudisha pesa kwa mtu aliye kwenye msiba, niambie: unaanza na neno gani, na ule uongo wa umeme unautoa kabla ya pesa au baada?