Pua ya Mama

Tulipokimbia vita Masisi, mama alianza kuuza sambaza, visamaki vya ziwani, pale sokoni Kituku. Alivichagua kwa kunusa tu, hadi mafua yalipomfanya anunue beseni zima la samaki waliooza. Wateja walimfokea.

Muuguzi wa kambini akamwambia, “Mama, pua imevimba ndani, harufu haifiki kule juu inakonuswa. Ulimi bado unajua chumvi na sukari, lakini ladha nyingi hutegemea pua. Kwa wengi inarudi baada ya wiki moja au mbili, wengine hukawia.”

Basi mimi nikawa pua yake, kila asubuhi nikiinamia mabeseni kwa hasira. Siku ya kumi mama alinisogelea, akakunja uso.

“Wewe mutoto, utaoga lini?”

Sijawahi kufurahia tusi kama lile.