Bei Isiyo na Tarehe

Tangu kulipokucha, fundi wa programu, aliyejiajiri katika chumba cha uani kwa mama yake, alikuwa ameandika sentensi moja na kuifuta mara saba. Barua ilikuwa ya mteja wake mkubwa wa kwanza, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, naye aliitaka kabla ya saa sita ili aamue kama kazi iendelee au ife.

Mzee aliagiza ubao wa bei: ukurasa wa kompyuta wa kumwonyesha wafanyabiashara wenzake wanauzaje saruji, rangi na mabati. Aliuona ule wa majaribio akafurahi, akawatangazia wauzaji wake kwamba sasa ana macho katika kila duka. Hapo ndipo hofu ya fundi ilipoanzia.

Mengine hayakumtisha kuyaandika. Programu husoma tovuti sita walizokubaliana, mara mbili kwa siku. Haioni duka lisiloweka bei mtandaoni, wala haiingii palipofungwa kwa nywila. Kuiunda hulipwa mara moja, lakini seva, yaani kompyuta ya kukodi inayoiendesha, na matengenezo hulipwa kila mwezi, maana tovuti ikibadili mpangilio wake, programu hupotea njia.

Iliyomshinda ni sentensi ya bei ya rangi. Alikuwa amegundua asubuhi hiyo kwamba tovuti moja inayouza rangi ilibadilika siku tisa nyuma. Programu, ilipokosa bei mpya, iliendelea kuonyesha ya zamani, bila tarehe. Yeye ndiye aliyeiamuru hivyo, asitake ubao uwe na pengo mbele ya mzee.

"Chai imepoa mara ya pili," mama alisema mlangoni. "Unaiandika hiyo barua au unaiatamia?"

"Nikisema kweli, mama, atanikimbia."

"Na usiposema?"

"Atashusha bei kwa kufuata namba iliyokufa."

"Basi jibu unalo, mwanangu. Unachotafuta ni wa kukushika mkono."

Akaandika: "Bei ya rangi katika ubao si ya kuaminiwa tangu siku tisa zilizopita. Kosa ni langu. Siwezi kuahidi kwamba tovuti hazitabadilika tena. Naahidi kwamba ubao utakiri usipojua." Akaituma.

Simu ililia saa saba.

"Binti! Huyo mtoto wako wa kompyuta amenidanganya siku tisa?"

"Shikamoo, mzee. Si yeye, ni mimi."

"Marahaba. Nimeshachapisha vibandiko vya bei mpya ya rangi. Havijabandikwa."

Fundi akapumua. "Kila bei itakuwa na tarehe yake. Isiposomwa kwa siku nzima, pataandikwa 'haijulikani'."

"Muuzaji wangu mkuu ana miaka kumi na miwili dukani, neno hilo halijawahi kumtoka." Mzee akacheka, kidogo tu. "Sita ni nyingi. Anza na tovuti tatu, kwa miezi mitatu. Baada ya hapo tutaonana uso kwa uso. Vibandiko navichana."

Hakusema ameridhika. Fundi alivuta kiti, akainywa chai ile ile ya baridi, akaanza na safu ya tarehe.