Kitanda Kimoja Kiliuzwa Mara Mbili

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumwambia fundi mwenye karakana ya samani pale Keko kwamba programu yangu inaweza kila kitu. Sikuwahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, yale maelekezo yanayoiendesha kompyuta. Niliburuta vitufe tu kwenye jukwaa la kutengeneza programu bila msimbo. Picha za vitanda na fomu za oda zilikaa sawa, nami nikamaliza siku tatu nikichagua rangi ya kitufe.

Kisha fundi akafungua duka la pili, Bunju. Jumamosi moja wauzaji wa maduka yote mawili walibonyeza "Uza" kwa kitanda kilekile, karibu kwa pamoja. Programu ilisoma kwanza kama kitanda kipo, kisha ikaandika kimeuzwa, na katikati ya hatua hizo muuzaji wa pili akapita. Nilitafuta namna ya kuzifanya ziwe hatua moja. Jukwaa lile halikuwa nayo.

"Shikamoo," nilimwambia fundi Jumatatu.

"Marahaba, mtaalamu. Harusi mbili, kitanda kimoja. Nikawalaze mzungu wa nne, kichwa kwa miguu?"

Mafundi wakacheka. Mama wa bibi harusi aliyekosa kitanda alikaa kwenye benchi, hanitazami. Nilijichukia. Niliwachukia pia wale wa kwenye video za mtandaoni wanaoapa kwamba msimbo hauhitajiki kamwe.

Siku hizi picha na fomu zimebaki kwenye jukwaa lilelile. Sehemu ya kuuza nimeiandika mwenyewe, na hifadhidata inamkubali muuzaji mmoja tu kwa kila kitanda. Kabla ya kumkabidhi mtu kazi, nabonyeza "Uza" kwenye simu mbili kwa pamoja.