Jina la Baba Kwenye Karatasi za Mashine

Mashine yetu ya kukoboa mpunga ilikuwa imefika bandari ya Kalemie, nami nilikuwa nimekwama Kabambare. Mvua ilikuwa imeharibu njia, hakuna pikipiki iliyokubali kuendelea. Nilikaa mbele ya kibanda cha kuchaji simu nikampigia deklaran, wakala wa kututolea mizigo forodhani. Shamba letu la pekee, lile la kule Wamaza, tulikuwa tumeliuza ili tuinunue mashine hiyo. Ikipotea, hatuna pa kuanzia.

"Papa, niambie karatasi zote zenye kutakiwa. Usibakishe hata moja."

"Fakitire ya muuzaji, ile inaonyesha bei. Liste ya vitu viko mu kasha, na uzito. Karatasi ya bwato, ile meli ilileta muzigo. Leseni ya banki, ile ulichukua mbele mashine haijatoka. Cheti cha ukaguzi. Asiranse, ile bima ya muzigo. Na namba yako ya kodi. Piga foto, utume."

"Ziko zote," nikasema kwa majivuno. Nilizituma moja moja, mtandao ukinitoa roho. Mwishowe akapiga yeye.

"Mama, leseni iko na jina yako. Ukaguzi, jina yako. Fakitire na karatasi ya bwato ziko na jina ya muzee. Huyu ni nani?"

"Baba yangu."

"Basi aandike barua, asaini, akuachie muzigo."

Baba alikuwa na miezi minane kaburini, Kasongo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwagiza muuzaji wa Dar es Salaam aandike jina lake. Kwetu mizigo husafiri kwa jina la mkubwa wa nyumba, na nilijiambia nafuata desturi tu. Uongo mtupu. Nilitaka kuliona jina lake likiwa safarini. Nilijichukia pale pale, mbele za watu, machozi yakinitoka.

"Hawezi kusaini," nikasema.

"Basi muuzaji atoe fakitire ingine na jina yako, aombe watu ya bwato wabadilishe na yao. Majina yote yafanane. Bila ile siwezi kudeklare. Na usikawie, mama. Muzigo ukikaa sana bila mwenyewe, forodha inaweza kuuzisha."

Nikampigia muuzaji. Alikuwa amefanya biashara na baba tangu sijaolewa. Nilimweleza habari ya majina kwa haraka, nikizunguka zunguka, nikitaja leseni, nikitaja banki. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Binti yangu, siwezi kumwondolea mzee mali yake kwa maneno ya simu. Mpe simu, nimsikie mwenyewe."

Betri ilikuwa inaisha. Tangu mazishi nilikuwa nikiwaachia wengine kuitoa habari ile, kaka zangu, imamu, hata majirani. Mdomo wangu ulikuwa haujawahi kuitamka.

"Baba amekufa," nikasema. "Andika jina langu."