Magunia Matatu ya Kwangu

Mume wangu ni mtunza ghala la mazao. Watu wanamwita Makufuli, maana hata mimi mkewe nikitaka gunia langu la ufuta huniambia nitoe kwanza stakabadhi, ile karatasi ya kuchukulia mzigo. Basi huyohuyo Makufuli, mdogo wake alipomjia na uso wa huruma, alifungua mlango bila karatasi.

Karatasi isingeonekana. Shemeji alikuwa na magunia themanini ya ufuta humo ghalani, na stakabadhi yake alikuwa ameshaisaini na kuikabidhi benki, dhamana ya mkopo wa biashara yake. "Kaka, nachukua kumi na mawili tu. Nikiuza, nayarudisha." Makufuli akakubali. Jamani, mwanamume yule ananitia hasira mpaka leo, na bado nampenda.

Hayakurudi, na mkopo haukulipwa. Siku moja nilikuwa nimempelekea mume wangu chai ghalani, dada wa benki akaingia na lori.

"Shikamoo, mzee. Stakabadhi hii hapa, na ada ya kuhifadhi tumekuja nayo. Naomba magunia themanini, daraja la kwanza."

Wapakizi wakabeba. Mume wangu hakugusa chai. Yalipofika sitini na nane, lundo likaisha. Pembeni yalibaki kumi na matano, yangu, ada ya chuo ya binti yetu.

"Mengine nilimpa mwenye mzigo," akasema mume wangu.

"Mwenye mzigo ni nani, mzee? Stakabadhi tunayo sisi. Ulimpa bila kuiona?"

Mume wangu akafungua daftari lake, akalifunga tena.

"Basi hayo yaliyopungua tunakudai wewe, si yeye. Yasipopatikana leo, naripoti kwa waliokupa leseni."

Bila leseni, sisi tungekula nini? Nikamwona mume wangu akitazama magunia yangu. Nikasema moyoni, akithubutu kuyanyooshea kidole, sirudi nyumbani kwake.

Dada wa benki naye akayaona. "Na yale?"

"Yale yana stakabadhi nyingine," mume wangu akajibu. "Siwezi kuyagusa." Hakunitazama.

Angeniomba, ningemkatalia, wallahi. Kwa kuwa hakuniomba, nikafungua mkoba na kutoa stakabadhi yangu. "Daraja ni lilelile. Toa kumi na mawili."

Dada wa benki akatoboa gunia, akamimina ufuta kiganjani, akaridhika. Alipopokea yote themanini akasaini, na stakabadhi ya benki ikapigwa mhuri wa kufutwa. Yangu nayo ikapigwa mhuri uleule.

Lori lilipoondoka, mume wangu akakaa mezani kuniandikia mpya.

"Mama watoto, nitakulipa."

"Utanilipa. Sasa andika."

Akaandika: ufuta, daraja la kwanza, magunia matatu. Nikaisoma, nikaitia mkobani, nikaenda nyumbani kumwambia binti yetu asifunge sanduku lake la kwenda chuo.