Mwaka Alioufunga Modesta

Tarehe 17 Februari 2026, siku ya Jumanne, Mwaka wa Farasi ulianza katika kalenda ya Wachina. Kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu. Modesta Achola wa Mkolani, Mwanza, mchambuaji wa mabondo huko Igogo, aliihesabu hiyo kesho tu. Alikuwa amejiapia kutoingia Kwaresima akiwa bado na neno alilolibeba mwaka mzima, naye alidhani amewahi.

Neno lenyewe lilihusu siku ya kuzaliwa ya Princess, binti wa marehemu dada yake Rose. Rose alifariki mtoto akiwa hajaanza shule. Baba wa mtoto, Okeyo, alikuwa amekwisha kuhamia visiwani na mke mwingine, kwa hiyo Modesta, ambaye hakujaliwa mtoto, alimchukua na kumlea kama wake. Princess alimwita mama mdogo mbele za watu, na mama wakiwa wawili.

Modesta alifanya kazi kwa Mama Chen, mnunuzi wa mabondo aliyetoka Fujian. Bondo ni mfuko wa hewa ulio ndani ya samaki. La sangara huoshwa damu, hutolewa utando, hutandazwa na kukaushwa hadi ling'ae kama pembe. Modesta alilipandisha daraja au kulishusha kwa kulielekeza kwenye mwanga. Mama Chen, aliyekuwa amekaa Mwanza miaka mingi na kuzungumza Kiswahili cha mwaloni, wanaposhushia samaki, bila kusita, hakuwa na kawaida ya kurudia uchambuzi wa Modesta.

Jun, mwana wa Mama Chen, alizaliwa Septemba 1996. Alimpenda Princess tangu binti huyo alipoanza kuja pale kumletea Modesta chakula cha mchana. Mwanzoni mwa mwaka 2025 aliandamana na mama yake hadi Mkolani, wakajitambulisha kwa wazee wa ukoo waliotoka Rorya, posa ikapokelewa. Kilichobaki kilikuwa mwaka wa harusi. Katika mazungumzo hayohayo ilisemwa kwamba baada ya harusi maharusi wangeenda Fujian kukaa kwa muda, bibi yake Jun apate kumjua mkwe wake. Hakuna aliyetaja muda huo ni wa kiasi gani. Modesta alitabasamu, akaenda jikoni, akasimama huko bila kukumbuka alichokifuata.

Juma lililofuata Mama Chen alimwita mezani kule Igogo. Alichukua mabondo makavu kumi na mawili akayapanga duara juu ya sinia.

"Dada Modesta, wewe ndiye mama, lazima uelewe. Hawa ni wanyama wa miaka. Panya, Ng'ombe, Chui-milia, Sungura, Joka, Nyoka, Farasi, Mbuzi, Nyani, Jogoo, Mbwa, Nguruwe. Halafu Panya tena. Kila mtu ana mnyama wa mwaka aliozaliwa. Na mwaka wa harusi nao una mnyama wake. Mwaka ni mtu wa tatu ndani ya ndoa."

Mhoja, mpakiaji aliyekuwa akifunga magunia karibu nao, aliinua kichwa. "Mama Chen, sisi Wasukuma tunauliza ng'ombe wangapi. Ninyi mnauliza ng'ombe yupi."

"Wewe funga gunia," Mama Chen alisema, lakini alicheka.

Aliweka kidole kwenye bondo la juu na kingine kwenye la chini yake kabisa. "Anayekutazama kutoka ng'ambo ya duara, mnagongana. Panya na Farasi. Ng'ombe na Mbuzi. Chui-milia na Nyani. Sungura na Jogoo. Joka na Mbwa. Nyoka na Nguruwe. Hilo ni rahisi. La pili ni gumu kidogo. Kila mnyama ana rafiki mmoja wa ndani. Rafiki wa Panya ni Ng'ombe. Rafiki wa Chui-milia ni Nguruwe. Sasa, yule anayemgonga rafiki yako, wewe anakudhuru. Hakupigi usoni. Anakuondolea wa kukusaidia, nyumba inaharibika polepole."

"Kama jirani anayegombana na mkeo akingoja usafiri," Mhoja alisema.

"Hivyo hivyo. Jun ni Panya. Princess alizaliwa lini?"

Hapo Modesta aliona mlango: kutokana na sikukuu za Mama Chen alijua mwaka wa Wachina hugeuka kati ya mwisho wa Januari na Februari, na Princess alikuwa na tarehe mbili. Kadi ya kliniki ilisema tarehe 14 Februari 1998, na Princess mwenyewe alisherehekea siku hiyo. Lakini Modesta alikuwa amemshika mtoto yule akiwa bado na ute. Ilikuwa Jumapili, sikukuu ya Kuongoka kwa Mtakatifu Paulo, tarehe 25 Januari, na mvua kubwa za msimu ule zilikuwa zimekata barabara ya kijijini kwao. Rose alifika kliniki baada ya siku nyingi, na mwandishi aliandika siku aliyomwona mtoto. Kwa familia halikuwa kosa. Watoto wengi wa mvua zile waliandikwa siku barabara zilipopitika. Mkunga alikuwa amekwisha kufa, Rose naye. Shahidi alikuwa amebaki mmoja.

"Kadi inasema tarehe kumi na nne Februari, tisini na nane," Modesta alijibu.

Kadi ilisema hivyo kweli. Ndivyo alivyojitetea baadaye, nafsini mwake, mara nyingi.

Mama Chen alitafuta kwenye simu. "Mwaka wa Chui-milia ulianza tarehe ishirini na nane Januari. Wengine wanahesabu kuanzia tarehe nne Februari, siku ya kuanza majira ya chipuko. Kwa hesabu zote mbili ni Chui-milia." Alisogeza kidole kuzunguka sinia na uso wake ukaanza kunywea. "Mwaka huu ni wa Nyoka. Nyoka anamgonga Nguruwe, rafiki wa Chui-milia. Anamdhuru Princess. Mwakani Farasi, anagongana na Jun. Halafu Mbuzi. Anamgonga Ng'ombe, rafiki wa Panya, anamdhuru Jun. Halafu Nyani, anagongana na Princess. Miaka minne mfululizo. Jogoo, elfu mbili ishirini na tisa. Kwa Panya ana dosari ndogo, lakini si mgongano wala dhara. Dada, ulikuwepo siku ile? Una hakika?"

"Nilikuwepo," alisema Modesta.

Hakukusudia miaka minne. Alitaka mmoja. Mwaka mmoja wa kusikia viatu vya Princess mlangoni jioni, kisha angesema: jamani, nimekumbuka, alizaliwa Januari. Aliwahi kumsikia Mama Chen akisifu ndoa za Panya na Ng'ombe, kwamba ni marafiki wa ndani, na aliifanyia habari hiyo hesabu ya sokoni: bondo likikauka vizuri haliozi, unaliweka hadi lipande bei. Ukweli ule nao ungewekwa. Binti angekuwa Ng'ombe mwakani kama alivyokuwa Ng'ombe leo.

Mwaka ulipita vibaya. Wachina wengine waliokuja kununua mabondo walizungumzia harusi za kwao, kwani Mwaka wa Nyoka ulikuwa na mwezi wa nyongeza, na ndani ya mwaka huo majira ya chipuko yalianza mara mbili, Februari 2025 na Februari 2026, jambo wanalolihesabu kuwa baraka kwa wanaooana. Mama Chen alitafsiri habari hizo kwa huzuni ya mtu anayetazama karamu dirishani. Princess aliacha kuimba akifua. Jun alipofika Mkolani aliamkia, "Shikamoo, mama mdogo," na Modesta aliitikia marahaba akitazama pembeni.

"Jun, twende tufunge tu," Modesta aliwahi kumsikia Princess akisema uani.

"Mimi siamini sana," Jun alijibu. "Lakini mama akiugua mwaka huo, nitamwambia nini? Na wewe je, mimba ikiharibika, hutajiuliza?"

Modesta, nyuma ya pazia, alijua ni nani aliyempa kijana yule hofu ya kuizungumzia.

Kwa hiyo Jumanne ile, kabla ya Majivu, alikwenda nyumbani kwa Mama Chen. Alikuta karatasi nyekundu mlangoni, vyakula mezani, na Jun na Princess wakila machungwa. Hakuketi.

"Princess alizaliwa Januari. Tarehe ishirini na tano, Jumapili. Mimi ndiye niliyemshika. Kadi ilikosewa, na mwaka jana nilijua."

Princess aliweka chungwa chini. "Ulijua, mama mdogo?"

"Nilijua."

"Mbele za watu sisemi kitu," alisema Princess, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko ilivyostahili.

Mama Chen hakuuliza sababu. Alileta sinia, akapanga tena, safari hii kwa machungwa madogo. "Tarehe ishirini na tano ni kabla ya ishirini na nane. Ni Ng'ombe. Panya na Ng'ombe, marafiki." Kwa kitambo uso wake ulikunjuka. "Mwaka jana Nyoka asingegusa yeyote. Nyoka, Jogoo na Ng'ombe ni kundi moja. Ulikuwa mwaka wao."

"Basi tufanye mwaka huu," Modesta alisema. "Ng'ombe ni yuleyule."

"Dada, mwaka si uleule. Leo umeanza wa Farasi. Farasi anamgonga Panya." Aligusa chungwa la juu, kisha la pembeni yake. "Na anayemgonga Panya anamdhuru nani? Rafiki yake. Ng'ombe. Mwakani Mbuzi anamgonga Ng'ombe, kwa hiyo anamdhuru Panya. Wakiwa marafiki, kipigo cha mmoja ni dhara la mwingine. Miaka miwili, wote wawili. Princess angekuwa Chui-milia, Farasi angemgusa Jun peke yake."

Modesta aliyatazama machungwa. Duara lilikuwa lilelile alilofundishwa mwaka uliotangulia, kwa maneno yaleyale. Angeweza kulihesabu siku ile ile. Alikuwa amehesabu binti tu na hakuuhesabu mwaka.

"Halafu?" Jun aliuliza.

"Nyani, elfu mbili ishirini na nane. Nyani ni kundi la Panya, na Ng'ombe hamgusi. Ni mzuri sana." Mama Chen alikusanya machungwa. "Miaka miwili si minne. Nashukuru umesema. Lakini mwaka jana ulikuwa mezani kwangu, Dada Modesta. Nilikuuliza mara mbili."

Hakumfukuza kazi, na hilo Modesta aliliona zito kuliko kufukuzwa. Mama Chen alianza tu kurudia uchambuzi wake, akiinua kila bondo kwenye mwanga kabla ya kulipima.

Wakirudi Mkolani jioni ya Jumanne ile, Princess alizungumza mara moja. "Ungeniambia unaogopa kubaki peke yako, ningemwomba Jun tusikae sana huko. Angekubali. Hukuniuliza."

"Sikukuuliza, mwanangu."

"Haya."

Kesho yake Modesta alipakwa majivu. Princess alipakwa kwenye mstari mwingine. Mwezi uliofuata Jun aliondoka kwenda Fujian kumuuguza bibi yake, ambaye hali yake ilidhoofika, na Princess alibaki Mkolani. Viatu vyake vinasikika mlangoni kila jioni. Anapika, anasalimia, anafunga dirisha la sebuleni. Tangu siku ya machungwa hajamwita Modesta mama. Humwita mama mdogo, wakiwa na watu na wakiwa wawili.

Mwaka wa Nyani utaanza tarehe 26 Januari 2028. Kama Jun atakuwa amerudi Mwanza kufikia siku hiyo, na kama bibi yake atakuwa hai kumwona mkwe wake, haijulikani. Kama Princess amemsamehe Modesta, hilo pia halijulikani: Modesta hajauliza, na Princess hajasema.